Amana Si Zawadi: Jinsi ya Kumweleza Mtoto Neno Gumu

Mtoto wa darasa la tatu amelala kifudifudi mkekani, kitabu cha hadithi mbele yake. Amefika mahali ambapo mfanyabiashara, kabla ya kupanda jahazi, anamwachia jirani yake amana. Anasimama hapo. "Mama, amana ni nini?" Mama anachagua mchele kwenye ungo, na bila kuinua kichwa anajibu: "Ni dhamana, mwanangu." Kimya kidogo. "Na dhamana je?" Mama anatua ungo, anafikiri, kisha anasema: "Dhamana ni kama... amana tu."

Mama huyu anajua vizuri maana ya amana. Akiachiwa pochi ya jirani anajua la kufanya nayo. Kinachomshinda ni kuitoa maana hiyo kichwani na kuiweka katika sentensi ambayo mtoto wa miaka minane ataishika. Wazazi na walimu wengi hukwama hapo hapo, na njia wanayoikimbilia ni ile ya mama: kulieleza neno gumu kwa neno jingine gumu lililo jirani yake.

Watunga kamusi wanaufahamu mtego huu kwa sababu na wao hunaswa nao. Kamusi inayoeleza maneno ya lugha kwa lugha hiyo hiyo huitwa kamusi wahidiya, na Kiswahili kimekuwa nayo tangu mwaka 1935, Frederick Johnson alipochapisha kitabu chake cha maneno ya Kiswahili kilichoelezwa kwa Kiswahili. Mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2015 Baraza la Kiswahili la Taifa likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili. Vitabu hivi viliandikwa kwa ajili ya watu wanaojua kusoma vizuri. Nafasi ni finyu, kwa hiyo kila neno hupewa maelezo mafupi, mara nyingi kwa kutaja visawe vyake, na pembeni huwekwa alama za kisarufi kama nm kwa nomino na kt kwa kitenzi. Mtu mzima anayesoma kwamba neno fulani ni sawa na jingine hupata alichotaka, maana walau moja kati ya hayo mawili analijua. Mtoto hajui hata moja.

Aliyeona mapema kwamba mtoto anahitaji maelezo ya namna yake ni mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike. Mwaka 1921 alichapisha orodha ya maneno 10,000 yaliyojitokeza mara nyingi zaidi katika maandishi ya Kiingereza, na mwaka 1935 akatoa kamusi ya watoto iliyotumia ujuzi huo. Kanuni yake moja inafaa lugha yoyote: maneno ya kuelezea yawe mepesi kuliko neno linaloelezwa. Inaonekana jambo la wazi, lakini mama aliyesema "dhamana" ameivunja kwa neno moja tu.

Hata hivyo, wepesi wa maneno peke yake hautoshi. Mwaka 1987 George Miller na Patricia Gildea, watafiti wa Marekani, walieleza walichokiona walipowapa watoto wa miaka kama kumi na kumi na mmoja maelezo ya kamusi, kisha wakawataka watunge sentensi kwa neno lililoelezwa. Moja ya maneno hayo ni lile ambalo Waingereza hulitumia kwa udongo unaomomonyoka. Katika maelezo yake kulikuwa na maneno mawili mepesi kabisa yenye maana ya kula kitu kidogo kidogo mpaka kiishe. Lakini maneno hayo hayo mawili, katika Kiingereza cha kila siku, humaanisha kwenda kula mkahawani. Mtoto mmoja akaandika kwamba familia yao humomonyoka mara kwa mara.

Miller na Gildea wakagundua kuwa makosa ya namna hii yana mpango. Mtoto hupitia maelezo, hudaka kipande anachokijua, hutunga sentensi kwa kipande hicho, halafu hukitoa na kulipachika neno jipya mahali pake. Hajakosea kufikiri. Amefanya kazi kwa kile alichopewa. Jukumu basi ni la anayeeleza: kipande chochote ambacho mtoto anaweza kukidaka kiwe kinampeleka kwenye maana iliyokusudiwa.

Turudi mkekani, tuone jambo hili linavyokwenda kwa Kiswahili.

Tuseme mama ameacha visawe, akajaribu tena: "Amana ni kitu unachopewa ukitunze." Maneno yote ni mepesi. Mtoto anadaka "kupewa" na "kutunza", anafikiri kidogo, kisha anasema: "Shangazi alinipa viatu vya Idi, ni amana." Kwa maelezo aliyopewa, yuko sahihi kabisa. Alipewa viatu, na akaambiwa avitunze visichafuke. Kosa limetoka kwenye kitenzi "tunza", ambacho kwa mtoto ni kuweka kitu katika hali nzuri, hata kama ni chake mwenyewe. Isitoshe, kitenzi hicho kina maana nyingine iliyo karibu na zawadi: mwimbaji anayependeza hutunzwa pesa ukumbini. Maelezo haya hayajagusa kiini cha amana, yaani kwamba kitu si cha aliyekishika.

Jaribio la tatu: "Mtu akikupa kitu chake umwekee mpaka atakapokuja kukichukua, kitu hicho kinaitwa amana." Sentensi ni ndefu kuliko zile mbili za mwanzo, lakini haina neno lisilojulikana kwa mtoto wa darasa la tatu, na kila sehemu yake inafanya kazi. "Chake" linasema mwenye mali ni nani. "Mpaka atakapokuja kukichukua" linafunga mlango wa zawadi, maana zawadi hairudi. Kazi kubwa zaidi imefanywa na silabi moja ndani ya "umwekee". Kuweka ni kuweka tu. Kumwekea mtu ni kuweka kwa ajili yake. Mtoto huijua tofauti hiyo kabla hajaanza shule, kwa sababu amesikia mara nyingi, "Mwekee baba chakula chake." Anajua fika kwamba chakula cha kuwekewa baba hakiliwi na mwingine. Kauli ya kutendea inambebea mtoto wazo zima la kushika mali ya mtu, bila kutaja neno "uaminifu" wala "jukumu", ambayo nayo yangehitaji kuelezwa.

Kuna jambo la pili katika sentensi ile. Haikuanza na "Amana ni". Imeanza na tukio: mtu akikupa kitu. Wahariri wa kamusi ya COBUILD, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham chini ya uongozi wa John Sinclair na kutoka mwaka 1987, waliamua kuwaeleza wanaojifunza Kiingereza maneno kwa sentensi kamili za namna hiyo, badala ya vipande vya maneno vya kamusi za kawaida. Kiswahili kinaipokea njia hii kwa urahisi kwa sababu kina "-ki-". Ukisita, ukikopa, mtu akikudhulumu, mvua ikikatika: tayari mtoto ameona nani anafanya nini, na neno gumu limekaa mahali ambapo atalikuta katika mazungumzo.

Njia hii pia inaliacha neno katika umbo ambalo mtoto amelisikia. Kamusi huorodhesha kitenzi kwa shina lake, kama "momonyoka". Hakuna mtu anayelitamka hivyo peke yake akiongea. Watu husema limemomonyoka, unamomonyoka, ulimomonyoka. Mtoto anayeelezwa shina tupu anabaki na kazi nyingine ya kulivisha viambishi. Anayeambiwa, "Udongo ukimomonyoka, maji au upepo unauondoa kidogo kidogo," anapewa neno likiwa limeshavaa, na anajua tayari kwamba kinachomomonyoka ni udongo na si ndugu zake.

Baada ya maelezo huja mfano, na hapa pana mtego mwingine. Chukua sentensi hii: "Baba ana amana nyumbani." Kisarufi haina kasoro. Lakini lifute neno "amana" na uulize ni maneno mangapi yanaweza kukaa kwenye pengo. Redio, mbuzi, wageni, kiu, kazi. Mfano unaopokea kila neno haujafundisha neno lolote. Sasa jaribu huu: "Jirani alipokwenda msibani Tanga, alimwachia bibi cherehani yake iwe amana. Bibi aliifunika kwa kanga, hakuishonea hata kifungo, na jirani aliporudi aliichukua kama alivyoiacha." Lifute neno hapa, na pengo halipokei zawadi, wala mkopo, wala biashara. Habari yenyewe inalisukuma kila neno lisilohusika nje.

Mfano huo umeongeza pia kitu ambacho maelezo hayakukisema: bibi hakuishonea. Kwa mtoto, kitu kinachofanana zaidi na amana si zawadi bali kitu cha kuazima. Vyote viwili ni vya mtu mwingine, na vyote hurudishwa. Tofauti iko kwa anayenufaika. Baiskeli ya kuazima umeiomba wewe ili uiendeshe. Baiskeli ya amana umeletewa na mwenyewe ili iwe salama, na ukiiendesha utakuwa umekosa. Kuingiza tofauti hii ndani ya maelezo kungeyarefusha mpaka mtoto asahau mwanzo wake. Ndani ya mfano imeingia kwa maneno matatu tu, na mtoto anaiona cherehani chini ya kanga.

Je, si afadhali basi kuacha maelezo, kutoa mfano peke yake? Miller na Gildea walilijaribu hilo pia. Waliwapa watoto sentensi ya mfano iliyosema kwamba ndugu wa mfalme alijaribu kukipora kiti cha enzi, kwa kutumia kitenzi cha Kiingereza cha kunyakua madaraka. Watoto waliona maana ya "kuchukua" inatosha, na mmoja akaandika kwamba kiti cha rangi ya bluu kilinyakuliwa hivyo kutoka chumbani. Mfano mmoja huruhusu tafsiri nyingi. Mtoto anayeisikia habari ya cherehani bila maelezo anaweza kuamini kwamba amana ni jina la vyombo vya fundi, au kitu chochote kinachofunikwa kwa kanga. Maelezo humwonyesha kitu gani cha kutazama katika mfano, na mfano humwonyesha maelezo yanaishia wapi.

Kubaki kujua kama mtoto ameshika. Swali ambalo wakubwa hupenda kuuliza, "Umeelewa?", lina jibu moja tu, nalo hutoka hata kabla swali halijaisha: ndiyo. Kumtaka ayarudie maelezo hakusaidii sana, kwa sababu watoto wana kumbukumbu nzuri ya sauti na anaweza kuyaimba yote bila kuyagusa. Kinachofanya kazi ni kumpa matukio madogo mchanganyiko na kumwachia aamue.

"Rafiki yako amekupa kalamu umshikie, anakwenda kucheza mpira. Ni amana?" Ndiyo. "Umeokota shilingi mia njiani?" Hapana, hakuna aliyekuachia. "Kaka amekuazima kikokotoo ufanyie hesabu?" Hapa mtoto husita, na kusita huko ndiko kunakotafutwa. Akisema ni amana kwa sababu itarudishwa, anayeeleza anajua ni upande gani wa neno haujakaa sawa, na anairudia cherehani: bibi aliishonea? Swali la nne linaweza kuwa gumu zaidi: "Mwalimu amekupa madaftari ya darasa zima uyapeleke ofisini?" Ni mali za watu, ameaminiwa nazo, lakini amepewa ayapeleke, hakupewa ayaweke. Wakubwa wawili wanaweza kubishana juu ya hili, na mtoto akisikia kwamba maneno yana kingo ambazo watu hubishania, hajapoteza kitu. La muhimu ni sababu anayotoa. Anayesema "hapana, kwa sababu mwenyewe haji kuyachukua kwangu" ameshalimiliki neno, hata kama mwingine angesema ndiyo.

Mtoto akifika hapo, neno linaweza kuunganishwa na ndugu zake. Amana limetoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa amini, imani, mwaminifu na amani. Mtoto anayejua "kuamini" huona mara moja kwa nini jirani hakuiacha cherehani kwa mtu yeyote tu. Maelezo ya mzizi hufaa yakija mwishoni. Yakitangulia, mtoto hudaka "kuamini" na kutunga sentensi kama "mimi ninamwamana mwalimu," kosa la aina ile ile ya familia iliyomomonyoka.

Wazazi wengi, hasa mijini, wana njia ya mkato: kulitaja neno kwa Kiingereza. Vijijini neno la lugha ya nyumbani hufanya kazi hiyo. Pale ambapo mtoto analo wazo tayari katika lugha ile nyingine, tafsiri ni msaada wa haraka na hakuna sababu ya kuukataa. Kinyozi, ukurutu, kitovu: neno moja la lugha ya mama linamaliza kazi. Tatizo hutokea pale ambapo mtoto hana wazo lenyewe. Mtoto wa miaka minane asiyejua amana mara nyingi hajui pia neno la Kiingereza la fedha iliyowekwa benki, kwa hiyo amebadilishiwa fumbo kwa fumbo. Isitoshe, maneno ya lugha mbili ni nadra kukaa sawasawa. Neno hilo la Kiingereza hutumika pia kwa malipo ya awali dukani, ambayo kwa Kiswahili huitwa arubuni au kishanzu, na ambayo hayarudishwi kama amana.

Kuna maneno ambayo maelezo ya lugha moja hayafiki mbali. Ladha ya ukwaju haielezeki kwa sentensi. Mtoto apewe ukwaju. Rangi ya samawati huonyeshwa angani. Kitenzi kama "kuchechemea" huelezwa haraka zaidi kwa mtu mzima kuinuka na kutembea hatua tano. Maneno madogo kama "hata" na "basi" hayana kitu cha kueleza nje ya sentensi, na yanahitaji mifano mitatu au minne mfululizo, bila maelezo. Njia ya maelezo na mfano inang'aa zaidi kwa maneno yanayotaja uhusiano kati ya watu au mambo yanayotokea polepole: amana, dhuluma, ahadi, kusita, kumomonyoka.

Pia kuna maneno yenye maana nyingi, na hapo anayeeleza anapaswa kujizuia. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba. Ni mnyama wa porini. Ni kwenda juu angani. Na mwanamke wa pwani anayepaa samaki anaondoa magamba. Mtoto aliyekutana na neno hilo katika hadithi ya ndege iliyopaa anahitaji maana moja. Akipewa zote nne ataondoka na mchanganyiko. Kabla ya kueleza, basi, swali la kwanza linamhusu mtoto mwenyewe: "Umelisoma wapi? Nisomee sentensi nzima." Mama wa mwanzo wa habari hii angefanya hivyo, angesikia habari ya mfanyabiashara na jahazi, na nusu ya mfano wake ingekuwa imeshaandikwa.

Maelezo mazuri yakishakaa, kazi haijaisha moja kwa moja, kwa sababu mtoto hukua na neno hukutana naye tena mahali pengine. Aliyeelezwa kwamba udongo humomonyoka kidogo kidogo mpaka nguzo ya uzio inaanza kuinama atasikia redioni habari za mmomonyoko wa maadili. Maelezo ya awali yatambeba: kitu kilichokuwa imara kinaondoka kidogo kidogo, na hakuna aliyeona siku kilipoanza kuondoka. Neno "kidogo kidogo" lililowekwa katika sentensi ya darasa la tatu ndilo linalomfaa sasa. Lingekosekana, angefikiri maadili yamebomoka kwa siku moja.

Amana nayo itarudi, safari hii kwenye bango la benki linalotangaza akaunti ya amana. Atakumbuka cherehani na ataelewa sehemu kubwa: fedha ni zake, benki inamwekea, na siku ikifika atazichukua. Sehemu moja haitakaa sawa. Bibi hakuishonea cherehani ya jirani, lakini benki haiziachi fedha za mteja zikae tu; inazikopesha kwa watu wengine, na kwa sababu hiyo inamlipa mwenye fedha riba. Hapo sentensi ya darasa la tatu itahitaji kuongezwa maneno machache, na wa kuyaongeza atakuwa mtoto mwenyewe.